Faida ya kripto: lini ni mapato, lini ni mtaji

Sheria za kodi za nchi nyingi haziitambui bitikoini kuwa pesa. Zinaitambua kuwa mali, katika kundi moja na hisa au kiwanja, na mengine yote kuhusu kodi yake yanaanzia hapo. Marekani ilitamka hivyo mwaka 2014, idara yake ya kodi, IRS, ilipotoa Waraka 2014-21. Mamlaka ya mapato ya Uingereza, HMRC, ilishika msimamo unaofanana na huo, na Desemba 2018 ikatoa maelezo marefu kwa watu binafsi wanaomiliki sarafu hizi.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwenye noti ya pauni kumi akinunulia mkate hadaiwi kodi kwa kuitoa noti hiyo mfukoni. Mwenye bitikoini akiitoa, kwa kuuza, kununulia kitu au kuibadilisha kwa sarafu nyingine, ameiachia mali. Ikiwa thamani yake siku ya kutoka ni kubwa kuliko gharama ya kuipata, tofauti ni faida, na faida ina kodi. Kinachobaki kuulizwa ni kama faida hiyo ni mapato, yaani ujira wa shughuli ya biashara, au ni faida ya mtaji, yaani ongezeko la thamani ya kitu ambacho mtu alikinunua akakiweka.

Jibu ndilo linaloamua kiwango cha kodi, msamaha unaopatikana, na hasara itakatwa wapi. Uingereza ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa kwa kina na kwa sababu sheria za kodi za Kenya na Tanzania zimerithi fikra zake nyingi. Zaidi ya hayo, wapo Waswahili wengi wanaoishi na kufanya kazi huko, nao wanabanwa na kanuni hizo moja kwa moja.

Mwekezaji au mfanyabiashara

Mtu anayenunua bitikoini kwa mshahara wake, akaiweka, kisha akauza sehemu baada ya bei kupanda, kwa HMRC ni mwekezaji. Anadaiwa kodi ya faida ya mtaji. Hata anayenunua na kuuza mara nyingi kwa mwaka kwa kawaida huwekwa hapo hapo. HMRC inasema wazi kuwa ni katika hali zisizo za kawaida tu ambapo mtu binafsi atahesabiwa kuwa anaendesha biashara ya kununua na kuuza sarafu hizi. Imekataa pia hoja kwamba kripto ni kamari. Hoja hiyo ingewafaa wengi, maana ushindi wa kamari hautozwi kodi ya mapato Uingereza.

Mahakama hutazama dalili kadhaa zinapoamua kama muamala una sura ya biashara: mali ni ya aina gani, ilinunuliwa kwa fedha za nani, ilikaa muda gani, miamala ni mingi kiasi gani, na mnunuzi alikuwa na nia gani tangu mwanzo. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Kesi mbili za zamani zinaonyesha jinsi zinavyopimwa, na zote mbili zinamhusu mwenye kripto kuliko anavyoweza kudhani.

Ya kwanza ni ya Rutledge, iliyoamuliwa mwaka 1929. Mtu huyu alikuwa Berlin kwa shughuli nyingine, akakuta karatasi za chooni zikiuzwa kwa bei ya kutupa, akanunua roli milioni moja. Aliziuza zote kwa mnunuzi mmoja na kupata faida ya zaidi ya pauni 10,000. Alijitetea kuwa hakuwa mfanyabiashara wa karatasi na kwamba alifanya hivyo mara moja tu. Mahakama ilisema hakuna mtu anayenunua roli milioni moja za kutumia nyumbani au za kuweka akiba. Mzigo wenyewe ulionyesha kuwa ulinunuliwa ili uuzwe, na kwa hiyo muamala mmoja ulitosha kuwa biashara.

Ya pili ni ya mchekeshaji maarufu Norman Wisdom. Katika miaka ya 1960 alihofia kuwa pauni itashushwa thamani, akakopa fedha na kununua fedha halisi, yaani madini, kisha akaiuza kwa faida nono. Alisema alikuwa anakinga akiba yake tu. Mahakama ya Rufaa ilimkatalia. Madini yale hayakuzaa riba wala gawio, yalinunuliwa kwa mkopo wa muda mfupi, na njia pekee ya kufaidika nayo ilikuwa kuyauza. Faida ikawa mapato.

Anayesoma hukumu hii huku ameshika bitikoini anapaswa kushtuka kidogo. Bitikoini nayo haizai gawio. Nayo inanunuliwa na wengi kama kinga dhidi ya kushuka kwa thamani ya pesa. Anayekopa ili ainunue na kuiuza baada ya miezi michache anafanana sana na mchekeshaji yule. Kinachomtofautisha mwekezaji wa kawaida ni kwamba anatumia fedha zake mwenyewe, anakaa na mali muda mrefu, na hana mpangilio wa kibiashara unaoendeshwa siku hadi siku.

Mara nyingi ni mlipakodi mwenyewe anayetaka aitwe mfanyabiashara, na sababu yake ni hasara. Hasara ya mtaji hukatwa kwenye faida ya mtaji peke yake, ilhali hasara ya biashara, kwa masharti, inaweza kupunguza kodi ya mshahara au ya mapato mengine. Mwaka 2016 baraza la rufaa za kodi lilimkubalia mmiliki wa maduka ya dawa aliyekuwa akinunua na kuuza hisa kila siku, kwa mpango ulioandikwa na kwa saa maalumu za kazi, na hasara yake ikahesabiwa ya biashara. Lakini huyo alikuwa na vielelezo. Mtu aliyejiita mwekezaji kwa miaka ya faida, akageuka mfanyabiashara mwaka ule soko lilipoanguka, hana cha kuonyesha zaidi ya tarehe ya mabadiliko yake, na tarehe hiyo inamuumbua.

Kuuza si lazima kupokea pesa

Kosa linalowagharimu watu zaidi kuliko lolote ni kudhani kuwa kodi inaanza pale pauni au dola zinapoingia benki. Kodi ya faida ya mtaji inaanza mali inapotoka. Kubadilisha bitikoini kwa etha ni kuiuza bitikoini kwa bei ya soko ya wakati ule na kununua etha kwa bei hiyohiyo, sawa na mtu aliyebadilishana kiwanja kwa gari. Kulipia simu kwa kripto ni kuuza. Kumpa rafiki zawadi ya sarafu ni kuziachia kwa bei ya soko, ingawa kumpa mume au mke mnayeishi pamoja hakuleti faida wala hasara. Kuhamisha sarafu kutoka pochi moja kwenda pochi nyingine ya mtu huyohuyo si kuuza hata kidogo.

Mwaka 2017 ndio uliofundisha somo hili kwa uchungu. Bitikoini ilifika karibu dola 20,000 mwezi Desemba, na wengi wakabadilisha sehemu ya bitikoini zao kwa sarafu ndogo zilizokuwa zikipanda kwa kasi zaidi. Mwaka mmoja baadaye bitikoini ilikuwa imeshuka hadi dola 3,000 na kitu, na sarafu nyingi ndogo zilikuwa karibu zimekufa.

Tuchukue mtu aliyekuwa na bitikoini alizozinunua kwa pauni 3,000, akazibadilisha Desemba hiyo kwa sarafu ndogo zikiwa na thamani ya pauni 30,000. Faida yake ilikuwa pauni 27,000, na iliangukia mwaka wa kodi ulioisha tarehe 5 Aprili 2018. Msamaha wa mwaka huo ulikuwa pauni 11,300, kwa hiyo pauni 15,700 zikabaki za kutozwa. Kwa mwenye mshahara mkubwa kiwango kilikuwa asilimia 20, na kodi ikawa pauni 3,140, ya kulipwa kabla ya Januari 2019 kwisha. Ilipofika siku hiyo, huenda sarafu zake zote hazikufika pauni 2,500.

Hakuwa ameona hata pauni moja mkononi, na alidaiwa zaidi ya alichobaki nacho. Kama angeuza sarafu zile kabla ya tarehe 5 Aprili, hasara ingekatwa kwenye faida ya mwaka uleule na deni lingepungua au kufutika. Akiuza tarehe 6, hasara ni ya mwaka unaofuata. Sheria inaruhusu hasara ya mtaji ya mtu binafsi kupelekwa mbele bila kikomo, lakini hairuhusu kurudishwa nyuma. Tarehe ndiyo iliyomwangusha, na bei ilifuata baadaye.

Kapu la gharama

Faida ni bei ya kutolea ukiondoa gharama. Bei ya kutolea haina taabu kuipata. Gharama ndiyo yenye kazi, kwa sababu watu hununua kidogo kidogo kwa bei tofauti, na vipande vya bitikoini havina alama ya kutofautisha kipi kilinunuliwa lini. Uingereza inaweka sarafu zote za aina moja katika kapu moja na kuchukua gharama ya wastani, kama inavyofanya kwa hisa za kampuni moja.

Mfano wa muuguzi anayeishi Birmingham, mwenye mshahara wa pauni 32,000 kwa mwaka, unatosha kuonyesha hesabu nzima. Bei zilizomo ni za kubuni, lakini viwango vya kodi ni vya mwaka wa 2025/26.

Miaka ya nyuma alinunua bitikoini mara tatu: 0.10 kwa pauni 2,000, kisha 0.10 kwa pauni 3,000, na mwishowe 0.20 kwa pauni 11,000. Kapu lake lina bitikoini 0.40 kwa gharama ya jumla ya pauni 16,000. Kila 0.10 kwa hiyo inabeba gharama ya pauni 4,000, bila kujali ilinunuliwa lini.

Mwezi Juni anauza 0.10 kwa pauni 8,000 na kulipa ada ya pauni 20. Gharama ni pauni 4,000 na ada inaruhusiwa kukatwa, kwa hiyo faida ni pauni 3,980. Kapu linabaki na 0.30 zenye gharama ya pauni 12,000.

Mwezi Septemba anabadilisha 0.10 kwa etha zenye thamani ya pauni 8,400. Gharama ya bitikoini iliyotoka ni pauni 4,000 tena, na faida ni pauni 4,400. Etha zinafunguliwa kapu lao, nazo zinaanza na gharama ya pauni 8,400. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Watu huhesabu faida kwenye bitikoini, kisha wanapouza etha wanarudi kwenye fedha walizoweka mwanzoni, na matokeo yake wanalipa kodi mara mbili juu ya ongezeko lilelile.

Mwezi Februari bei ya etha imeshuka, naye anaziuza zote kwa pauni 6,900. Gharama ilikuwa 8,400, kwa hiyo amepata hasara ya pauni 1,500.

Mwaka unapoisha anajumlisha faida mbili na kutoa hasara, anapata pauni 6,880. Msamaha wa mwaka ni pauni 3,000, na zinabaki pauni 3,880. Mapato yake baada ya posho ya kawaida ya pauni 12,570 yamevuka kidogo nusu ya daraja la kwanza la kodi lenye upana wa pauni 37,700. Ametumia pauni 19,430, na nafasi iliyobaki inaimeza faida yote. Anatozwa kwa asilimia 18. Kodi yake ni pauni 698 na peni 40. Kama mshahara wake ungekuwa umeshavuka daraja hilo, kiwango kingekuwa asilimia 24, na kodi ingekuwa pauni 931 na peni 20. Viwango hivi vilipandishwa tarehe 30 Oktoba 2024, kutoka asilimia 10 na 20. Msamaha nao umepunguzwa haraka. Ulikuwa pauni 12,300 hadi Aprili 2023, ukashushwa hadi 6,000, na mwaka uliofuata hadi 3,000. Mtu aliyekuwa hagusi kodi hii miaka michache iliyopita sasa anaingia ndani yake bila kubadili chochote katika tabia yake.

Kama muuguzi huyu angehesabiwa kuwa mfanyabiashara na faida yake ikabaki ileile, msamaha wa pauni 3,000 usingemhusu. Pauni 6,880 zingeongezwa juu ya mshahara na kutozwa asilimia 20 ya kodi ya mapato, sawa na pauni 1,376, karibu mara mbili ya ile aliyolipa kama mwekezaji.

Kapu la wastani si desturi ya dunia nzima. Marekani, mtu asipotaja ameuza kipande kipi, huhesabiwa kuwa ameuza kile alichonunua kwanza. Kwa hesabu hiyo mauzo ya Juni yangetolewa gharama ya 2,000 badala ya 4,000, na faida ingekuwa 5,980. Lakini huko muda nao una uzito: mali iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja hutozwa kwa viwango vya chini vya asilimia 0, 15 au 20, na iliyokaa mwaka au chini yake hutozwa kama mshahara. Ujerumani imekwenda mbali zaidi, kwani mtu binafsi akikaa na sarafu zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuuza, faida yake haitozwi kabisa. Uingereza haibadilishi kiwango cha kodi ya mtaji kwa sababu ya muda hata kidogo. Anayebeba ushauri aliousikia kutoka nchi moja na kuutumia katika nchi nyingine anapotea, na jambo hili hutokea sana kwa watu wenye ndugu katika nchi mbili au tatu.

Mtego wa siku thelathini

Kabla ya kwenda kwenye kapu, kanuni ya Uingereza inadai mambo mawili yatazamwe. Sarafu iliyouzwa hulinganishwa kwanza na iliyonunuliwa siku hiyohiyo, kisha na itakayonunuliwa ndani ya siku 30 zinazofuata. Ni baada ya hapo tu ndipo wastani wa kapu unapotumika.

Lengo lake ni kuzuia hasara za kutengeneza. Mtu ana etha 2 zenye gharama ya pauni 6,000, na bei imeshuka. Anaziuza mwezi Machi kwa pauni 4,000 ili apate hasara ya pauni 2,000 ya kukata kwenye faida zake nyingine, na baada ya siku kumi anazinunua tena kwa pauni 4,200. Anaandika hasara ya 2,000 kwenye ritani. HMRC inayalinganisha mauzo hayo na manunuzi ya siku ya kumi, na hasara halali inakuwa pauni 200. Ile nyingine haijapotea. Imebaki ndani ya kapu, ambalo bado lina etha 2 kwa gharama ya pauni 6,000, na itaonekana siku atakapouza kweli. Marekani ina kanuni ya namna hii kwa hisa na dhamana, lakini kwa jinsi ilivyoandikwa haijaigusa kripto inayohesabiwa kuwa mali ya kawaida.

Sarafu zinazoingia kama ujira

Zipo sarafu ambazo mtu hazinunui. Analipwa kwa kazi, anazichimba, au anazifungia sarafu zake kwenye mtandao ili zisaidie kuthibitisha miamala, na mtandao unampa nyongeza. Hapa hukumu ya nchi nyingi inaelekea upande mmoja: thamani ya sarafu siku ilipoingia ni mapato, na thamani hiyohiyo inakuwa gharama yake kwa hesabu ya baadaye ya mtaji. IRS ilithibitisha hivyo kwa nyongeza za kufungia sarafu mwaka 2023.

Aliyepokea etha zenye thamani ya pauni 1,000 ana mapato ya pauni 1,000. Akiziuza kwa 1,300, ana faida ya mtaji ya 300. Akiziuza kwa 600, ana hasara ya mtaji ya 400, lakini mapato yake yanabaki 1,000, kwa sababu hasara ya mtaji haivuki kwenda kupunguza kodi ya mapato. Kwa hiyo anaweza kutozwa kodi juu ya pauni 1,000 wakati mfukoni ameingiza 600. Kanuni hii ni kali, na njia ya kujikinga ni moja: kuuza sehemu ya kutosha kulipia kodi siku ileile sarafu zinapoingia.

Sarafu zilizoibiwa nazo zina kanuni inayowashangaza watu. Kwa HMRC wizi si kuuza, kwa kuwa mwenye mali kisheria bado ni yuleyule, na kwa hiyo wizi peke yake hauleti hasara ya kukatwa. Sarafu zilizobaki bila thamani, au zilizokwama kwenye soko lililofilisika, kama yaliyowakuta wateja wa FTX mwezi Novemba 2022, huombewa kutambuliwa kuwa zimekosa thamani, na ombi likikubaliwa ndipo hasara inapohesabiwa.

Kenya na Tanzania: kodi juu ya kiasi, si juu ya faida

Afrika Mashariki ilianza kwa njia nyingine kabisa. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, Kenya iliweka kodi ya asilimia 3 juu ya thamani nzima ya mali ya kidijiti inayohamishwa au kubadilishwa, kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka huo. Haikuuliza kama muuzaji alikuwa mwekezaji au mfanyabiashara, wala kama alipata faida.

Urahisi wake ulikuwa kwa mkusanyaji. Kwa mlipaji ulikuwa mzigo usiobebeka, na hesabu inaonyesha kwa nini. Wauzaji wengi wa Nairobi hununua na kuuza USDT, sarafu inayofungamana na dola, kwa kubadilishana na watu wengine moja kwa moja na kulipana kwa M-Pesa. Faida yao ni tofauti ndogo ya bei. Aliyenunua USDT kwa shilingi 100,000 na kuziuza kwa 101,000 amepata shilingi 1,000. Asilimia 3 ya 101,000 ni shilingi 3,030. Kodi ni mara tatu ya faida, na aliyeuza kwa hasara alidaiwa vilevile. Kodi ya namna hiyo haiwezi kulipwa na anayeendelea na kazi hiyo, na inawasukuma watu wafanye miamala yao nje ya majukwaa yanayoonekana.

Bunge la Kenya liliifuta kodi hiyo kwa Sheria ya Fedha ya 2025, kuanzia tarehe 1 Julai, na mahali pake likaweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma za mali hizi. Wapo waliodhani kuwa faida ya kripto sasa haina kodi Kenya. Hilo ni kosa. Kilichofutwa ni ile asilimia 3. Sheria ya Kodi ya Mapato bado inatoza faida ya biashara, na tafsiri yake ya biashara inajumuisha jaribio lolote lenye sura ya biashara, maneno yaleyale yaliyomnasa mnunuzi wa roli milioni moja Berlin. Anayenunua na kuuza USDT kila siku kwa ajili ya riziki ni mfanyabiashara kwa kipimo chochote, na faida yake halisi, baada ya gharama, inaingia kwenye viwango vya kawaida vya mapato.

Tanzania nayo ilichukua njia ya asilimia 3. Tangu tarehe 1 Julai 2024, anayemiliki jukwaa au kuwezesha uhamishaji wa mali ya kidijiti anatakiwa kukata kodi ya zuio ya kiwango hicho kwenye malipo. Kasoro ya hesabu ni ileile ya Kenya, kwa sababu kinachokatwa kinapimwa kwa malipo na si kwa faida. Nje ya zuio hilo, sheria ya mapato ya Tanzania nayo inahesabu kuwa biashara hata mpango wa mara moja wenye sura ya biashara. Uzoefu wa Kenya wa chini ya miaka miwili unatosha kuishawishi Dodoma iitazame upya namna hiyo ya kutoza.

Jinsi ya kujua hesabu imeharibika

Hesabu ya kripto ikikosewa, mara nyingi huonekana kwa kipimo kimoja chepesi. Kwa kila aina ya sarafu, kiasi kilichokuwepo mwanzo wa mwaka, ukijumlisha kilichoingia na kutoa kilichotoka, lazima kilingane na kilichopo sasa kwenye pochi zote. Kisipolingana, kuna muamala uliosahauliwa au ulioandikwa mara mbili.

Dalili ya pili ni mauzo yenye gharama ya sifuri. Programu za kukokotoa kodi husoma faili la kila soko peke yake. Sarafu ilinunuliwa kwenye soko moja, ikahamishiwa jingine, ikauzwa huko. Programu isipopewa faili la soko la kwanza inaona sarafu imetoka hewani, na kuhesabu bei yote ya mauzo kuwa faida. Katika mfano wa muuguzi, kosa hilo moja kwenye mauzo ya Juni lingeongeza faida yake kwa pauni 4,000. Upande wa pili, uhamisho kwenda kwenye pochi binafsi unaweza kusomwa kama mauzo, na mtu akalipia kodi sarafu ambazo bado anazo.

Dawa ya yote mawili ni kumbukumbu: tarehe, kiasi, thamani kwa pauni au shilingi siku ile, ada, na sarafu ilikotoka na ilikokwenda. Masoko hufungwa na kufilisika, na mengine hufuta historia ya zamani ya wateja. Tangu tarehe 1 Januari 2026 majukwaa ya Uingereza yanatakiwa kukusanya taarifa za wateja na miamala yao kwa ajili ya HMRC, na ripoti za kwanza zitawasilishwa mwaka 2027. Mwenye sarafu aliyewahi kuuza au kubadilisha apakue faili zake zote mapema, kutoka kila soko alilowahi kulitumia, na azihifadhi mahali ambapo soko hilo haliwezi kuzifikia.